Umeweka maneno ya kuzuia kwenye Google Ads, lakini kliki za wasionunua bado zinaingia

Neno "cherehani" huandikwa Google na watu wa aina tatu. Kuna anayetaka kununua mashine mpya, kuna anayetafuta fundi wa kumshonea gauni la harusi, na kuna ambaye cherehani yake ya nyumbani imeanza kukata uzi. Duka linalouza cherehani mpya linamhitaji wa kwanza tu, lakini wote watatu wakibonyeza tangazo, duka linalipa mara tatu. Dawa yake ni maneno ya kuzuia, ambayo kwenye skrini huitwa `Negative keywords`: unaiambia Google kwamba mtu akiandika neno fulani, tangazo lako lisitoke.

Kuyaongeza ni kazi ya dakika moja. Malalamiko huanza baada ya hapo: "nimezuia lakini bado wanakuja", au "nimezuia na sasa hata wateja wangu wamepotea". Hapa chini nimepanga matatizo hayo kwa dalili zake, na kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi. Mfano nitakaoutumia ni duka la Kariakoo nililolibuni ili hesabu ieleweke: linauza cherehani mpya tu, bajeti ni shilingi 20,000 kwa siku, na kliki moja inagharimu wastani wa shilingi 250.

Kwanza soma walichoandika watu

Nenda `Insights and reports`, kisha `Search terms`, chagua siku 30 zilizopita na upange kwa gharama, kubwa ikae juu. Hii ndiyo ripoti ya kile watu walichoandika kwa mikono yao. Usiichanganye na orodha ya maneno uliyoyanunua wewe, yaani yale uliyoiambia Google itoe tangazo lako mtu akiyatafuta.

Tuseme duka letu limetumia shilingi 600,000 kwa siku hizo 30, sawa na kliki 2,400. Kwenye ripoti unakuta kliki 310 za watu wanaotafuta fundi wa kushona, 180 za wenye mashine mbovu, na 140 za wanaotaka mashine zilizotumika. Jumla ni kliki 630, yaani shilingi 157,500, zaidi kidogo ya robo ya bajeti. Nakili hesabu hii mahali kabla hujagusa kitu, maana bila hiyo hutajua kama marekebisho yamesaidia au umejifariji tu.

Dalili ya 1: Umezuia neno, lakini watu walewale bado wanabonyeza

Anza na tarehe. Ripoti ya siku 30 inaonyesha pia kliki zilizoingia kabla hujaweka zuio, na wengi hushtuka bure kwa sababu hiyo. Badilisha tarehe ianzie siku iliyofuata baada ya kuzuia. Kama kliki zile hazipo tena, huna tatizo. Kama zipo, endelea.

Sababu inayoongoza ni mabano ya mraba. Ukiweka alama ya tiki kwenye ripoti ya `Search terms` na kubonyeza `Add as negative keyword`, Google hulichukua neno hilo kama zuio kamili. Yaani linazuia maandishi hayohayo tu, bila neno la ziada mbele wala nyuma. Umetia tiki kwenye "fundi cherehani", zuio likaingia hivi:

```
[fundi cherehani]
```

Kesho mtu anaandika "fundi cherehani mbagala", mwingine "fundi cherehani wa bei nafuu", na wote wanapita. Utatia tiki mwaka mzima, na kila wiki utakuta wapya. Kwenye kisanduku kinachofunguka ukibonyeza `Add as negative keyword`, kabla ya kuhifadhi, hariri maandishi mwenyewe. Aina ziko tatu:

```
fundi cherehani
"fundi cherehani"
[fundi cherehani]
```

Mstari wa kwanza ni zuio pana: tangazo halitoki kama maneno yote mawili yapo, kwa mpangilio wowote, hata yakitenganishwa na maneno mengine. Wa pili, wenye alama za kunukuu, unataka maneno hayo yafuatane vilevile, ingawa mbele na nyuma panaweza kuwa na mengine. Wa tatu tumeshauona.

Sababu ya pili ni kuweka maneno mengi kwenye zuio pana, ukidhani kila moja litafanya kazi peke yake. Mtu anaandika zuio `cherehani used` akiamini amewaondoa wote wa vitu vilivyotumika. Zuio hilo halifanyi kazi mpaka maneno yote mawili yaonekane. Aliyeandika "used sewing machine dar" hakutaja cherehani, kwa hiyo tangazo linamtokea. Hapa zuio sahihi ni neno moja tu, `used`, kwa sababu duka halina mashine iliyotumika na halitarajii kuwa nayo.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuumiza zaidi sisi tunaotangaza kwa Kiswahili, na miongozo mingi haiitaji. Maneno unayoyanunua Google huyatanua: ukinunua neno moja, tangazo linaweza kutokea kwa umoja wake, wingi wake na hata maneno yenye maana ya karibu. Maneno ya kuzuia hayatanuliwi hivyo. Tangu mwaka 2024 makosa ya tahajia yanazuiwa pamoja na neno lenyewe, lakini wingi na visawe unaviandika wewe. Neno la kuzuia pia hulinganishwa likiwa neno zima, wala Google haikati kipande cha neno na kukitafuta ndani ya lingine.

Sasa fikiria vitenzi vyetu. Umezuia `kutengeneza` kwa sababu ya watu wanaotafuta wa kuwatengenezea mashine. Lakini mtu haandiki hivyo tu. Anaandika "anayetengeneza cherehani", "wanatengeneza cherehani wapi", "matengenezo ya cherehani". Kwa Google hayo ni maneno manne tofauti, na umezuia moja. Vivyo hivyo `fundi` haligusi "mafundi", na `cherehani` haligusi "vyerehani". Tahajia nayo ina mambo yake: kuna wanaoandika charahani na cherahani, na mimi sitegemei mfumo ukisie Kiswahili chetu. Naziandika zote.

Usikae chini ukatunga minyambuliko yote ya kitenzi kama unafanya mtihani wa sarufi. Chukua maumbo uliyoyakuta kwenye ripoti, ongeza yale mawili matatu unayoyasikia dukani, kisha rudi baada ya wiki uone lipi limepenya.

Kuna pia sababu ya mahali ulipoliweka zuio. Ukiliweka kwenye kundi moja la matangazo ndani ya kampeni, linazuia kundi hilo tu. Kundi la jirani lenye maneno yanayofanana litaupokea utafutaji uleule na utalipa kama kawaida. Kwa maneno kama `used`, ambayo hayafai popote dukani, yaweke kwenye kampeni nzima au kwenye orodha ya pamoja. Orodha hizo zipo `Tools`, halafu `Shared library`, halafu `Exclusion lists`. Kosa la huko ni moja: mtu anatengeneza orodha nzuri, anaihifadhi, anaondoka. Orodha haifanyi kazi mpaka uibonyezee `Apply to campaigns` na kuichagulia kampeni. Fungua orodha yako sasa uone imeunganishwa na kampeni ngapi. Kama ni sifuri, umeshapata jibu.

Sababu adimu kabisa ni utafutaji mrefu mno: neno la kuzuia likija baada ya neno la 16 katika alichoandika mtu, Google inaweza kutoliona. Hilo usilipotezee muda.

Dalili ya 2: Umezuia, na sasa tangazo haliwatokei hata wanunuzi

Hii ni hatari kuliko ya kwanza, kwa sababu haina kelele. Gharama zinashuka, unafurahi, na simu za wateja zinapungua taratibu.

Mara nyingi chanzo ni neno moja lililozuiwa kwa upana bila kufikiria nani mwingine analitumia. Turudi kwenye duka letu. Kliki 310 za watafuta fundi zinamshawishi mwenye duka azuie `fundi` peke yake. Linaonekana jambo la akili. Lakini shuka chini kwenye ripoti na utaona watu walioandika "cherehani nzuri kwa fundi anayeanza" na "bei ya cherehani ya fundi". Hao ndio wateja bora kuliko wote: anayeanza kazi ya ushonaji anakuja na hela mkononi. Ukizuia `fundi`, umewafukuza. Hata `fundi cherehani` bila alama za kunukuu litawafukuza, kwa sababu maneno yote mawili yamo, mpangilio tu ndio umegeuka.

Kwa hiyo hapa alama za kunukuu ndizo zinazofaa, na kwa Kiswahili inabidi ukumbuke kile kiunganishi cha katikati. Zuio `"fundi cherehani"` halimgusi aliyeandika "fundi wa cherehani", kwa kuwa "wa" limeukata mfuatano. Yanakuwa manne:

```
"fundi cherehani"
"fundi wa cherehani"
"mafundi cherehani"
"mafundi wa cherehani"
```

Wenye mashine mbovu ni rahisi zaidi, maana lugha yao mnunuzi haitumii. Wanaandika "cherehani inakata uzi", "cherehani inaruka mishono", "cherehani haishoni". Zuia `inakata`, `inaruka` na `haishoni`, kila moja peke yake kwa upana, na hutapoteza mtu. Ila `jinsi` usiliguse peke yake. "Jinsi ya kurekebisha cherehani" ni wa kuzuia, lakini "jinsi ya kuchagua cherehani" anakaribia kununua, na "jinsi ya kupata cherehani kwa mkopo" ni mteja kabisa kama duka linakopesha. Andika `"jinsi ya kurekebisha"` na `"jinsi ya kutumia"`, inatosha.

Nimeona pia watu wanaozuia `bei` kwa hoja kwamba wanaouliza bei hawanunui. Sikubaliani nao hata kidogo. Hapa kwetu anayetaka kununua ndiye anayeuliza bei kwanza, na ukiwaondoa wanaouliza bei utabaki na nani?

Chanzo cha pili ni mgongano: neno ulilolizuia ni lilelile unalolinunua, au limo ndani yake. Umezuia `mkono` ukiwakwepa wanaotafuta darasa la kushona kwa mkono, huku kundi lako jingine linanunua "cherehani ya mkono". Zuio linashinda siku zote, hata kama unalipa dau kubwa. Kwanza angalia `Recommendations`. Mgongano ukigunduliwa huwa linatokea pendekezo `Remove conflicting negative keywords`. Lisome neno kwa neno kabla ya kulikubali, kwa sababu mengine uliyaweka kwa makusudi.

Usipopata kitu huko, tumia zana ya `Ad preview and diagnosis`. Iandikie utafutaji unaoudhania, chagua eneo lako, nayo itakuambia kama tangazo linatoka na, kama halitoki, sababu yake. Usijipime kwa kutafuta tangazo lako mwenyewe Google kila saa. Unaongeza hesabu ya mara lilizoonekana bila kubonyezwa, na ukibonyeza unajikata hela mwenyewe.

Chanzo cha tatu ni orodha ya pamoja iliyobebwa na kampeni isiyoihusu. Duka letu likifungua kampeni mpya ya vipuri, na kampeni ile ikaunganishwa na orodha yenye neno `spea`, itazaliwa mfu. Kuna na mazuio ya akaunti nzima, ambayo watu wengi husahau kama yapo: `Admin`, kisha `Account settings`, kisha `Negative keywords`. Neno likiwekwa pale linagusa kampeni zako zote za utafutaji na za bidhaa, yaani Shopping, na ukilitafuta ndani ya kampeni moja moja hutaliona.

Kama hujui lini mambo yalianza kuharibika, fungua `Change history` na ulinganishe tarehe za mazuio na tarehe ambayo kliki zilishuka. Ondoa zuio moja, subiri siku chache, uone. Usiondoe ishirini kwa pamoja, hutajua lipi lilikuwa tatizo.

*Simama hapa:* kama akaunti ina mazuio mamia yaliyowekwa na watu tofauti, na mauzo yako yanategemea kampeni hiyo, usianze kufuta. Pakua orodha yote kwanza kama nakala, kisha umwite mtu anayefanya kazi hii kila siku. Mpe nafasi kupitia `Access and security` kwa barua pepe yake mwenyewe. Nywila yako usimpe mtu, hata akiwa mpwa wako.

Dalili ya 3: Hela inakwenda, lakini ripoti haionyeshi watu walitafuta nini

Jumlisha kliki zilizoorodheshwa kwenye `Search terms`, kisha linganisha na jumla ya kampeni. Ukikuta pengo, sababu ya kawaida ni kwamba Google huficha utafutaji ulioandikwa na watu wachache mno, na tangu Septemba 2020 kiasi kinachofichwa kiliongezeka sana. Kwa Kiswahili pengo linauma zaidi, maana sisi huandika jambo moja kwa namna nyingi, na kila namna inakuwa na watu wachache. Hapo huwezi kuzuia usichokiona. Unachoweza ni kubashiri kutokana na kilichoonekana: kama "mafundi" wamejitokeza mara mbili, wapo wengine gizani.

Sababu ya pili ni kwamba kliki hazikutoka kwenye utafutaji kabisa. Kampeni ya Search ina kisanduku cha `Google Display Network` kwenye mipangilio ya `Networks`. Kikiwa na tiki, tangazo lako linaweza kutokea kwenye tovuti na programu za simu, ambako hakuna mtu aliyeandika neno lolote. Gawanya takwimu zako kulingana na mtandao ambako tangazo lilitokea, uone kiasi gani kinatoka huko. Kwa duka kama hili mimi hukitoa.

Ya tatu ni kampeni za Performance Max, ambazo Google yenyewe hulisambaza tangazo lako kwenye utafutaji, video na tovuti. Kwa muda mrefu mtangazaji hakuweza kujiwekea maneno ya kuzuia ndani yake. Mwaka 2025 nafasi hiyo ilifunguliwa kwa ngazi ya kampeni, lakini mazuio hayo yanagusa sehemu ya utafutaji na ya bidhaa tu. Kliki za video na za tovuti hazizuiliki kwa njia hiyo.

Mwisho angalia eneo. Kama kliki zinatoka nje ya nchi, hakuna neno litakaloziponya. Kwenye mipangilio ya eneo chagua `Presence`, badala ya `Presence or interest`, ambayo humjumuisha hata mtu aliye mbali aliyeonyesha tu kuvutiwa na Dar es Salaam.

*Simama hapa:* ukiona kliki zinaruka ghafla usiku kutoka sehemu moja, au kampeni usizozitambua kwenye `Change history`, hilo si suala la maneno. Sitisha kampeni, badilisha nywila, na uwasiliane na Google kupitia msaada wao rasmi.

Dalili ya 4: Maneno ni masafi, wanaobonyeza ni wanunuzi, lakini hakuna anayenunua

Hapa acha kuzuia. Nimeona watu wakizidi kuongeza maneno kwa hasira mpaka kampeni ikabaki na kliki tano kwa siku. Kama ripoti imejaa "bei ya cherehani mpya" na "duka la cherehani kariakoo", wanaokuja ndio wenyewe, na kikwazo kiko baada ya tangazo kubonyezwa.

Fungua ukurasa wako kwa simu ya bei ndogo yenye bando la kawaida. Je, unafunguka upesi? Bei ipo, au umeandika "tupigie"? Namba ya WhatsApp ikibonyezwa inafungua mazungumzo? Kisha hakikisha simu na ujumbe vinahesabiwa kwenye akaunti, kwa sababu inawezekana mauzo yapo na Google haiyaoni. Kupima hilo kunagusa msimbo wa tovuti, na hapo ndipo pa kumwachia anayeujua: kipimo kilichowekwa vibaya huhesabu mteja mmoja mara mbili, na mfumo wa dau wa Google utaanza kukimbiza kliki zisizofaa kwa kufuata namba hizo.